Mdahalo wa wagombea: mshereheshaji alitambulisha au alipiga kampeni?

Msema Wazi: Wakuu, nina hasira. Jana chama chetu cha taaluma kilifanya mdahalo wa wagombea watatu wa urais. Sikieni walivyotambulishwa.

Wa kwanza, anayetetea kiti: "Jemedari wetu, aliyekitoa chama mbali, tusimame tumpigie makofi!" Akasomewa wasifu mzima na miradi yote. Wa pili: "Dada yetu mrembo, mama wa watoto wawili." Basi! Huyo ameongoza kamati ya maadili, halikutajwa. Wa tatu: "Na kijana wetu naye amekuja kujaribu bahati." Bahati gani? Kalipia fomu, kadhaminiwa na wanachama, kapitishwa na kamati ya uchaguzi kama wenzake!

Kabla hawajafungua kinywa, ukumbi ulishaambiwa nani mkubwa, nani pambo, nani msindikizaji. Nani aliandika maneno yale?

Karani wa Kura: Pengine hakuna aliyeandika, aliachiwa tu kipaza sauti. Mimi nasimamia chaguzi za chama chetu, na mshereheshaji tunampa karatasi: jina, nafasi inayogombewa, kazi ya sasa, mwaka wa kujiunga, nyadhifa alizoshika chamani. Mpangilio uleule kwa wote, maneno yasizidi 40, na mgombea anasaini yake mapema. Anayetetea kiti anatajwa kuwa ni rais tangu mwaka fulani, kwa sababu ndivyo ilivyo. "Aliyekitoa chama mbali" ni hukumu, na hiyo ni kazi ya mpiga kura. Wa kutangulia anapatikana kwa kuokota karatasi mbele ya mawakala. Makofi yanasubiri wote watatu watajwe.

Mzee wa Tawi: Mnajisumbua. Kila mtu ajitambulishe mwenyewe, dakika moja, kwisha.

Karani wa Kura: Inasaidia, mzee wangu, lakini bado kuna mtu wa kuwaita jukwaani. Mmoja ataitwa "karibu sana mheshimiwa", mwingine "haya, njoo". Hata hayo ya kuitia lazima yaandikwe.

Mama Hesabu: Mimi niligombea uhazini, jina langu likatamkwa vibaya mpaka watu wakacheka. Nikakata rufaa, wakasema hilo si kosa la uchaguzi. Nitapata wapi haki yangu?

Karani wa Kura: Pole, dada. Kwa rufaa sijui kanuni zenu zinasemaje. Sisi mshereheshaji hulitamka jina mbele ya mwenyewe kabla ya kuanza.

Mzee wa Tawi: Na profesa je? Mtamvua uprofesa alioutolea jasho?

Msema Wazi: Asomwe kama alivyo kwenye karatasi ya kura. Kama kule hakuna vyeo, na jukwaani visiwepo.

Mzee wa Tawi: Hapo sikubali. Cheo cha taaluma ni sehemu ya jina, na hiki ni chama cha taaluma.

Karani wa Kura: Sisi tuliliamua kama Msema Wazi, na wapo walionuna hadi leo. Ila mkiruhusu vyeo, basi kila mwenye chake kitajwe. Huyo wa pili ana chochote?

Msema Wazi: Ana shahada ya uzamivu! Jemedari hana. Barua ya malalamiko naipeleka kesho, naomba na rekodi ya ukumbini. Mdahalo wa pili ni wiki ijayo, na mshereheshaji ni yuleyule.