Naomba ushauri: niweke nodi yangu au niendelee kuamini seva ya waleti?

Habari zenu wakuu. Nina duka la vipuri hapa Kongowea, Mombasa, na wateja wachache hunilipa kwa bitikoini. Waleti yangu huonyesha tu kile inachoambiwa na seva ya kampuni, na kampuni hiyo inaziona anwani zangu zote. Hilo linanisumbua sana. Nodi kamili ingekagua yenyewe: sahihi ni halali, sarafu haijatumika kwingine, mchimbaji hajajipa zaidi ya bitikoini 3.125 na ada kwa kila kitalu.

Diski yangu ni ndogo, kwa hiyo nafikiria kuweka hii kwenye `bitcoin.conf`:

```
prune=10000
```

Itapakua na kukagua vitalu vyote tangu 2009, kisha ibakize takriban gigabaiti 10 za karibuni. Lakini nikiingiza waleti ya zamani, miamala iliyo kwenye vitalu vilivyofutwa haitaiona. Mliowahi kuitumia dukani, inatosha, au ninunue diski ya terabaiti 2?