Bomba la jikoni la kuvuta: maji yamedhoofu na mpira haurudi. Nisafishe, ninunue kichwa na mpira, au nitoe bomba zima?

mama_kireka
Habari zenu wapendwa. Nko Kireka, jikoni nina lile bomba la kuvuta, kichwa kinatoka na mpira wake unaosha sufuria halafu unaachia kinarudi. Lina miaka miwili hivi. Wiki iliyopita maji yalikatika siku tatu, yaliporudi yakawa ya rangi ya chai kwa dakika chache, na tangu siku hiyo kichwa kinatoa maji kama ya mtoto anayekojoa, ukibonyeza ile ya kunyunyizia ndo mbaya zaidi. Na mpira nao haurudi wote, unabaki nje kama sentimita 15, mpaka nisukume kwa mkono. Plamba amekuja akasema bomba limekufa, anataka laki mbili na nusu aweke jipya. Duka la vifaa wao wanasema ninunue kichwa na mpira tu. Jirani anasema nisafishe. Nifuate nani?

siki_ndio_dawa
Nyabo usitoe hela. Hiyo ni chokaa ya maji imeganda. Chukua vinega, loweka kichwa kizima usiku kucha, asubuhi maji yatatoka kama mto. Mi hufanya hivyo kila baada ya miezi michache.

kijana_wa_arua
Hata mimi huku Arua kile cha kunyunyizia cha choo kilianza kuvuja pale kwenye kifyatulio, nikafunga na mpira wa baiskeli kikatulia. Ila badilisha tu, vya choo ni bei rahisi.

mama_kireka
Asante mdogo wangu ila langu ni la jikoni, halivuji, ni nguvu ya maji ndo hakuna.

fundi_walukuba
Dada kabla hujanunua chochote, pima kwanza, maana hapo una shida mbili tofauti, na hiyo ya mpira kutorudi mara nyingi haina uhusiano na maji kudhoofu.

Ya maji. Chukua jerikeni ya lita 5, jaza kwa kichwa kikiwa mahali pake, bomba wazi kabisa, angalia saa. Kisha funga maji, vuta mpira nje, UBANE na kibanio cha nguo pale juu (usisahau hiki, bila kichwa mpira unaweza kuteleza ukaangukia chini ya sinki na utaanza kuvua samaki), fungua kichwa kwa mkono, elekeza mpira mtupu kwenye jerikeni, jaza tena. Mpira mtupu ukitoa maji mengi basi ugonjwa uko kichwani. Ukiwa dhaifu vilevile basi kichwa hakina kosa, na ukinunua kipya umetupa hela: hapo angalia mpira kama umejikunja, valvu mbili za chini ya sinki kama ziko wazi, na fleksibo zinazoleta maji bombani.

Na siki_ndio_dawa samahani, chokaa ni kweli inaziba, lakini maji ya Kampala yanatoka ziwani, si maji magumu. Huyu amesema kabisa maji yalikatika yakarudi machafu. Hiyo ni kutu na mchanga, na mchanga vinega haiuyeyushi. Wenye visima vya kuchimba ndio vinega huwasaidia, na hata wao waloweke kile kichujio tu nusu saa, si kichwa kizima usiku kucha, inakula rangi ya juu na kukausha washa.

siki_ndio_dawa
Mi natumia kisima, Masaka huku. Sawa, labda ndo maana kwangu inafanya kazi.

mzee_wa_ntinda
Na tenki je? Nyumba nyingi maji hayaji moja kwa moja, yanatoka tenki la juu. Mita moja ya kimo inakupa msukumo wa kama bar 0.1 tu, kwa hiyo tenki likiwa mita 3 juu ya bomba una bar 0.3, na mabomba haya mengi ya kuvuta yanataka angalau bar 0.5 au 1. Mwanangu aliweka moja ghorofani kwake, halijawahi kuwa na nguvu tangu siku ya kwanza, mwishowe alirudi kwenye bomba la kawaida.

mama_kireka
Mzee wangu, tenki tunalo ila hili la jikoni liko kwenye laini ya barabarani, na zamani lilikuwa na nguvu kabisa.

Fundi nimepima. Na kichwa: dakika 2 na sekunde 30. Bila kichwa: sekunde 45!!

fundi_walukuba
Basi jibu unalo. Kichwani. Ziba tundu la sinki na kitambaa ili vidude visipotee. Pale kichwa kinapoungana na mpira kuna washa ya raba, nyingi zina kichujio cha wavu katikati, hapo ndo takataka hukaa kwanza. Halafu mdomoni fungua kile kichujio kinachochanganya maji na hewa, vingine vina ufunguo wake wa plastiki, vingine sarafu inatosha, usitumie plaizi bila kitambaa. Kipange kwenye meza kwa mpangilio ulivyokitoa, ukikirudisha kinyume maji yatapasuka pembeni. Sugua na mswaki wa zamani, kigeuze maji yapite kwa upande wa nyuma. Kabla ya kurudisha kichwa, acha mpira mtupu umwage maji kama dakika moja, usije ukasafisha halafu uchafu uliobaki ukaingia tena.

boda_na_spana
Ya mpira kutorudi ni uzito mdogo tu. Fungia nati kubwa mbili na waya kwenye mpira, mi nilifanya, unarudi paa!

fundi_walukuba
Inasaidia kama uzito ulikuwa mwepesi kweli, ila waya huo utakata mpira siku moja. Na mara nyingi uzito unatosha, umewekwa pabaya. Dada, ingiza kichwa mahali pake kisha angalia chini ya sinki: mpira unashuka kutoka bombani, unapinda, unapanda tena kuungana na paipu ya maji. Kile chuma cha uzito kilichofungwa kwenye mpira kinatakiwa kiwe karibu na pale chini kabisa, lakini upande ule unaoshuka kutoka bombani. Kikiwa upande wa pili kinavuta paipu ambayo haiendi popote. Kikiwa juu sana kitagonga chini ya sinki kabla hujauvuta mpira wote. Mipira mingine ina alama ya mahali pake. Na ondoa kila kitu kinachougusa.

mama_kireka
Jamani. Chuma kilikuwa upande wa pili, na tena jerikeni yangu ya lita 20 ilikuwa imeubana mpira kwenye ukuta. Nimeondoa jerikeni peke yake, mpira ukabaki nje kama sentimita 5. Nimelegeza skrubu za chuma, nimekihamisha, sasa unaingia wenyewe mpaka mwisho. Washa ya wavu ilikuwa imejaa vichembe vya kahawia, kile cha mdomoni kina mchanga kidogo na vipande vyeupe vya plastiki. Jerikeni ya lita 5 sasa ni sekunde 52.

Kilichobaki: maji ya kawaida safi, ila ya kunyunyizia bado hayajarudi kama zamani, matundu kadhaa ya pembeni hayatoi. Nimesugua na mswaki.

mzee_wa_ntinda
Vipande vyeupe labda ni vya paipu, mafundi wengine wanakata bila kusafisha.

fundi_walukuba
Matundu ya raba yabonyeze moja moja na kidole huku maji yanatoka. Yakikataa, uchafu umeingia ndani ya kigeuzio cha kubadili maji yawe ya kunyunyizia, na vichwa vingi hapo havifunguki. Hapo ndo ununue kichwa peke yake, mpira wako mzima uache. Nenda nacho dukani, ujaribu nyuzi na uone kama kinakaa vizuri mdomoni mwa bomba, maana nyuzi zinaweza kulingana na kichwa bado kikacheza.

boda_na_spana
Mi ningekaa na hicho hicho. Sufuria zinaoshwa na maji ya kawaida pia.

mama_kireka
Nitabonyeza kesho mchana, nitawaambia. Plamba nimempigia nimemwambia asije.