Chumba cha mwisho hakipati ubaridi na mashine ni moja nyumba nzima, naombeni ushauri

Kokoto la Goba
Wakuu, habari za jioni. Joto la mwezi huu wa pili mnalijua wenyewe, sina haja ya kulieleza.

Nina kiyoyozi kimoja kilichofichwa juu ya siling, BTU 24,000. Kinagawa hewa kwa dakti kwenye matundu matano: mawili sebuleni, moja chumbani kwangu, moja kwa watoto, na moja chumba cha mwisho. Sebuleni tunajifunika mashuka. Chumba cha mwisho mtu anatoka jasho mchana kutwa. Fundi aliyekifunga alikuja, akapima gesi, akasema iko sawa, akachukua nauli yake akaondoka.

Swali langu ni fupi. Nikiweka mashine ya BTU 48,000, itasukuma hewa mpaka mwisho? Nawasilisha.

Kapuku Mstaarabu
Mnajifunika mashuka Dar halafu unaomba ushauri? Huku Manzese tunagombea feni ya mezani. Mhamishie huyo mtu godoro lake sebuleni, uzi ufungwe.

Mama Nasma
Watoto wa siku hizi mnawalea kwenye jokofu, kutwa mafua. Nyumba zetu za Kariakoo zilikuwa na dari la juu na madirisha yanayotazamana, upepo ukiingia huku unatokea kule. Wewe umeziba kila mahali, sasa unalipia upepo kwa luku. Haya, endeleeni.

Tabata Kwetu
Mkuu, hata mimi kiyoyozi kinanisumbua. Changu ni kile cha ukutani, kinadondosha maji juu ya kitanda. Itakuwa gesi?

Injinia wa Mtaani
Kokoto, usinunue kitu. Hewa inakimbilia penye njia rahisi, na sebule ndiyo iko karibu na mashine. Kwenye yale matundu kuna vibati vya kusogeza. Funga vya sebuleni mpaka nusu, hewa itakosa pa kwenda itafika mwisho yenyewe.

Kokoto la Goba
Nilishafanya hivyo mkuu. Matundu ya sebuleni yakaanza kupiga mluzi, mke wangu akayafungua tena. Kule mwisho paliongezeka kidogo sana. Ndiyo maana nasema tatizo ni nguvu ya mashine.

Bati na Rivet
Injinia umepata nusu. Hewa kweli inafuata njia nyepesi, lakini kubana mdomoni ndiko kunakoleta mluzi. Dampa, kibati cha kubania hewa ndani ya dakti, inakaa kule tawi linapotokea kwenye dakti kuu, mbali na mdomo, kelele zinaishia juu ya siling.

Kokoto, nina maswali kabla hatujagusa dampa. Hicho chumba cha mwisho kilikuwepo mashine ilipofungwa? Dakti yake ni ya bati kama zingine? Na mlango wake unakaa wazi au umefungwa?

Kokoto la Goba
Dakti ni za kawaida tu. Mlango unafungwa kama milango mingine ya vyumba. Ila mbona hakuna anayejibu swali la BTU 48,000?

Bati na Rivet
Nimeuliza matatu, umejibu moja na nusu.

Kokoto la Goba
Sawa. Chumba kiliongezwa baadaye, kilikuwa stoo. Fundi wa jipsamu ndiye aliyetoboa mwisho wa dakti akaunganisha ile ya kukunjika, ya inchi 6. Na anayelala humo ni mpangaji. Ni mtu wa zamu za usiku, analala mchana, kwa hiyo nilimwekea mpira kuzunguka mlango wote ili kelele za sebuleni zisiingie. Sikuona kama mlango una uhusiano na kiyoyozi, ndiyo maana sikuandika.

Naye kasema mwezi ukiisha bila ubaridi anahama. Nimeshalipa advansi ya mashine kubwa Kariakoo. Kwa hiyo naomba tuzungumzie mashine.

Kapuku Mstaarabu
Stoo imepandishwa cheo, inalipiwa kodi na bado inatoa jasho.

Bati na Rivet
Basi nikuambie kuhusu mashine kwanza, maana hela yako ndiyo iko hatarini. Ukiongeza mashine kwenye dakti zilezile, mgawanyo unabaki uleule. Sebule iliyokuwa inapata sehemu kubwa itapata kubwa zaidi na kelele juu. Na mashine iliyozidi nyumba inafikisha baridi haraka kisha inajizima kabla haijakausha hewa. Kwa unyevu wa Dar utakuwa na baridi ya majimaji, nguo kabatini zinanuka uvundo.

Sasa mlango. Hewa inayoingia chumbani lazima irudi kwenye mashine. Tundu la kurudishia liko sebuleni, nadhani. Ukiziba mlango kwa mpira, chumba kinajaa presha na hewa mpya inakataa kuingia. Mashine hizi za kufichwa nyingi zina msukumo mdogo, Paskali chache tu, hazishindani na chumba kilichozibwa. Jaribu hivi: weka kipande cha tishu mdomoni mwa tundu, funga mlango uangalie inavyopepea, kisha ufungue. Kama inapepea zaidi mlango ukiwa wazi, umeshapata mchawi mmoja.

Ukiweza kuazima kipima upepo itakuwa bora zaidi. Kipitishe polepole juu ya tundu zima, chukua wastani, umbali uleule kwa matundu yote.

Kokoto la Goba
Shemeji yangu yuko mgodini Geita, idara ya hewa, na yuko likizo hapa kwangu. Kipima upepo anacho. Matundu yote matano ni saizi moja. Mlango wa mwisho ukiwa umefungwa tumepata, kwa mita kwa sekunde: sebule la kwanza 3.4, sebule la pili 3.0, kwangu 2.2, watoto 1.6, mwisho 0.6. Nikifungua mlango, mwisho inapanda 1.0.

Ngalawa ya Feri
Wakuu, hii ni chai. Fundi anataka kipima upepo, ghafla shemeji wa mgodini anatokea nacho sebuleni! Na Kokoto huyuhuyu juzi alikuwa anaulizia chumba cha kupanga Sinza. Leo ana nyumba Goba, dakti na mpangaji? Huyu ni mwanafunzi, tunamfanyia kazi ya chuo. Leta picha ya dakti.

Injinia wa Mtaani
Hata mimi naona namba zimenyooka sana.

Kokoto la Goba
Chumba cha Sinza kilikuwa cha mdogo wangu. Picha siweki, mpangaji yupo humu jukwaani mara nyingi na sitaki ajue anasemwa.

Mama Nasma
Kama ni uongo, ni uongo wa kuchosha. Mtu anayetunga angetunga habari ya mapenzi.

Bati na Rivet
Mgodini kupima upepo ni kazi ya kila siku, hilo halinishangazi. Ya Sinza mtamalizana wenyewe. Mimi namba zinanitosha, na haziko mbali na ukweli: tundu la saizi hiyo ya kawaida, tuseme lina uwazi wa mita ya mraba 0.03. Ukijumlisha kasi zote tano unapata 10.8, sawa na mita za ujazo 1,160 hivi kwa saa. Ni kawaida kwa BTU 24,000. Maana yake mashine inatoa hewa yake. Tatizo ni mgawanyo.

Sasa panga kila chumba kinastahili nini katika hiyo 10.8. Mimi ningegawa sebule 2.6 kila tundu, kwako 2.1, watoto 1.7, mwisho 1.8 kwa sababu ukuta wake unapigwa na jua la mchana, kama sijakosea. Sasa linganisha asilimia. Sebule la kwanza lina 131, la pili 115, kwako 105, watoto 94. Mwisho ana 33. Chumba chenye 33 hakiokolewi na dampa. Ukibana wengine mpaka walingane na 33, mashine itakosa hewa na koili itaganda barafu. Kwanza ondoa kizuizi.

Panda siling uangalie hiyo dakti ya kukunjika. Inchi 6 inatosha chumba hicho endapo imenyooshwa. Mafundi jipsamu huacha urefu wote wa boksi ujikunje juu ya mbao. Dakti iliyoachwa imejikunja inakula msukumo mara kadhaa kuliko iliyovutwa. Kata iliyozidi, ivute mpaka ikaze, kona iwe pana, na kiungo ukifunge kwa tepu ya aluminiamu. Ile tepu ya kitambaa inabanduka kwa joto la darini.

Tabata Kwetu
Samahani, na mimi maji yanadondoka bado.

Bati na Rivet
Tabata, zibua bomba la maji machafu na uoshe filta. Gesi iache.

Kokoto la Goba
Nimepanda. Ilikuwa imezungushwa kama nyoka, na sehemu moja imekaliwa na ubao. Shemeji ameikata, ameinyoosha. Mlango ukiwa wazi sasa mwisho inasoma 1.4. Kwa hiyo sasa nibane sebule?

Bati na Rivet
Sasa ndiyo. Mwisho imefika 78, ndiyo ya chini kuliko zote, kwa hiyo dampa yake usiiguse, iache wazi kabisa. Anza na watoto, anayemfuata kwa uchache. Bana tawi lake kidogo mpaka asilimia yake ilingane na ya mwisho. Utaona wakati unabana, ya mwisho inapanda, kwa hiyo mmoja asimame kule na kipimo. Kisha kwako, kisha sebule la pili, la kwanza liwe la mwisho kubanwa. Kila mara linganisha na kile chumba, usilinganishe na namba ya zamani. Unatafuta asilimia zifanane, kasi hazitafanana. Ukimaliza chora alama kwenye kila mkono wa dampa, maana kuna siku mtu atauchezea.

Injinia wa Mtaani
Na kama matawi hayana dampa? Mafundi wengi wa hapa hawaweki.

Bati na Rivet
Hapo ni kukata dakti na kuziweka, hakuna njia ya mkato.

Kokoto la Goba
Matawi mawili yanazo, ya sebule la kwanza na kwangu. Mengine hayana. Nitaanza na hizo.

Tatizo ni mlango. Mpangaji amekataa mpira kuondolewa, na amekataa kutobolewa mlango, anasema atasikia televisheni. Naweza kukata chini sentimita 2 tu?

Bati na Rivet
Haitoshi. Mlango wa kawaida ukiukata sentimita 2, hewa ya 1.8 itapita pale kwa zaidi ya mita 3 kwa sekunde, presha ya kutosha kuinyonga mashine yako ndogo. Pitisha dakti ya kurudishia juu ya siling kutoka chumbani kwake mpaka korido, inchi 10, yenye kona mbili na sufi ndani. Kona na sufi zinameza sauti nyingi.

Ngalawa ya Feri
Na advansi ya Kariakoo?

Kokoto la Goba
Mwenye duka anasema hela hairudi, ila naweza kuchukua bidhaa nyingine. Dakti hauzi.