Bwawa litapasuka na kila msomaji anajua, sasa prikweli ya nini?

Neema M.: Wadau naombeni mawazo. Riwaya yangu inaanza miaka 60 baada ya bwawa kupasuka na mji wa chini kuzama. Watoto wanaimba wimbo wa kumlaani Sira, mlinzi wa bwawa aliyefungua malango usiku. Wasomaji wananiomba niandike prikweli, yaani kitabu cha ilivyokuwa kabla. Nina sura 4 tayari, ila kila nikikaa najiuliza nani atasoma kurasa 300 wakati anajua mwisho ni maji. Niendelee au niache?

Msomaji Tu: Acha dada, na sisemi kwa ubaya. Nimeshasoma vitabu vingi vya namna hii na karibu vyote vimenipunguzia kile cha kwanza. Kitabu chako kinaishi kwa sababu hatujui. Wale watoto wanaimba kuhusu mtu ambaye hawajamwona, na sisi wasomaji tuko nao humo humo gizani, hatujui kama Sira alikuwa msaliti au kichaa au alisingiziwa. Ukishanikalisha kwenye kikao nikasikia nani alisema nini, ule wimbo unageuka kuwa kosa la watu wasiojua, na mimi nishajua. Umeninyang'anya kitu.

Shabani K.: Mi napinga. Dawa ipo na ni rahisi, weka wahusika wapya ambao kitabu cha kwanza hakijawataja. Sira tunajua yatakayomkuta, sawa, lakini mdogo wake je? Fundi seremala je? Hao hatujui kama watapona, kwa hiyo taharuki inarudi yote. Bwawa liache lipasuke, sisi tutakuwa tunamwangalia seremala.

Mzee Wino: Shabani uko sahihi nusu. Nimehariri miswada ya aina hii na hilo la wahusika wapya ndo wanalolikimbilia wengi, ila msomaji naye ana akili, anapiga hesabu: kama seremala hatajwi popote miaka 60 baadaye basi amekufa, mapema tu anaanza kumzika. Ukitaka ifanye kazi, mtafute mtu ambaye kitabu cha kwanza kimemgusa bila kumtaja jina. Neema, kwenye riwaya yako kuna yule bibi anayekataa kuimba wimbo, yuko kwenye ukurasa mmoja tu halafu basi. Huyo ndo wa kumfuata. Weka wasichana wanne wa mtaa wa chini, msomaji anajua mmoja kati yao atafika uzeeni na kuwa yule bibi, hajui ni yupi.

Ila swali lako la msingi, kwamba nani atasoma akijua mwisho, naona limekaa vibaya. Hadithi ya Liyongo wangapi hapa waliisikia bila kujua inaishaje? Tunajua ni mwanawe, tunajua ni sindano ya shaba, tunajua ni kitovuni. Na bado pale mtoto anapomuuliza baba yake ni kitu gani kinaweza kukuua, unashika pumzi, unatamani asijibu. Afu linakuja lile la kisimani, kapiga goti na upinde mkononi, keshakufa, na mji mzima unaogopa kwenda kuteka maji. Hakuna anayeuliza "nini kitatokea", anayesikiliza anauliza "ilikuwaje ikafika hapa" na "pale pale isingeweza kuzuilika?" Kazi yako ni kulihamisha swali kutoka la kwanza kwenda hilo la pili, na kulihamisha mapema, sura ya kwanza kabisa.

Fundi wa Tuta: Sijui kama nimeelewa swali maana mimi sio mwandishi, kazi yangu ni kupima maji kwenye bwawa. Kama unataka kujua linapasukaje naweza kusaidia. Bwawa lako la zege au la udongo?

Neema M.: La udongo kaka. Kwenye sura ya 4 nimeandika tu kwamba lilikuwa na ufa.

Fundi wa Tuta: Ufa unaweza ukawepo, ila kwa la udongo mimi ningeangalia maji yanayotokea chini ya tuta. Mabwawa yote ya udongo yanavuja kidogo, usishangae, maji yale tunayakusanya kwenye mfereji mdogo tunapima yanatoka kiasi gani. Yakiongezeka unaangalia kwanza kina cha ziwa, ziwa likipanda na yenyewe yanapanda, hiyo kawaida. Kinachotukosesha usingizi ni rangi. Yakiwa maangavu, sawa. Siku yakianza kutoka na tope ina maana udongo wa ndani ya tuta unabebwa, kuna njia inajichimba kama bomba kutoka upande wa chini kurudi kuelekea ziwani, na ikilifikia ziwa hapo unahesabu saa, huhesabu siku. Nje tuta linaonekana zima tu, majani yameota, ng'ombe wanakula.

Na kosa kubwa watu wanalofanya ni kuziba pale panapotoka. Ukiziba, maji yanajaa nguvu ndani yanatafuta pengine. Unatakiwa uweke mchanga na kokoto kwa mpangilio ili maji yapite na udongo ubaki, halafu ushushe ziwa.

Mzee Wino: Neema, futa ule ufa. Huyu kaka kakupa kitabu kizima.

Ona. Sura ya kwanza Sira anakinga glasi ya maji pale mferejini alfajiri, anaiweka dirishani, anaangalia jua linavyopita ndani yake, safi, anaandika kwenye daftari, anaenda kunywa chai. Hujasema chochote, lakini anayejua mwisho ameshaiona ile glasi na hataiacha. Sura ya tano glasi ipo dirishani na chini yake kuna mstari mwembamba kama uzi. Sura ya nane Sira amehamishiwa malangoni, wamemleta kijana msafi, mtaratibu sana, kila asubuhi kabla hajakinga maji mapya anaisugua glasi mpaka inang'aa, kwa hiyo hakuna anayepata kuuona mstari ukinenepa. Msomaji asiyejua mwisho ataona kijana mzuri, anayejua atataka kuingia kwenye ukurasa amshike mkono. Sasa ungeficha mwisho, ile glasi ingekuwa na kazi gani?

Shabani K.: Daah hiyo ya kuisugua imenikaa. Ila si watu watasema baraza la mji lilikuwa la wajinga? Maana dalili zipo wazi.

Mzee Wino: Hapo ndo prikweli nyingi zinapofia. Mwandishi anajua mwisho, basi anawapa ujinga wale walioamua vibaya, na mmoja anampa unabii, anasimama kikaoni anasema "siku moja mtanikumbuka". Ondoa. Kila mlango uwe wazi kweli siku ile msomaji anapouona, na anayeufunga awe na sababu ambayo mimi na wewe tungeikubali. Kushusha ziwa kunaokoa bwawa, ndiyo, lakini kunamaliza maji ya mashamba yote ya chini na mavuno yamebaki wiki 6, na mwaka jana watu walilala njaa. Ungekuwa kwenye baraza ungepiga kura gani? Mimi ningesema tusubiri mavuno. Afu wakaziba ule mvujo kwa udongo wa mfinyanzi, mfereji ukakauka, watu wakashangilia na mkuu wa kazi akapewa mkono. Kwa macho yao wametatua. Milango mitatu tu hii, mavuno, kuziba, na kijana wa glasi, inatosha, usiongeze wa nne.

Namna ya kujipima ni hii: mpe mtu ambaye hajasoma kitabu cha kwanza ile sura ya kikao. Akikwambia "hawa wajinga" rudi ukaandike upya. Akiunga mkono baraza, umepatia.

Bint Rashid: Mi nilipata shida kama hiyo ila kwangu niliweka kumbukumbu ndani ya kitabu chenyewe, kila baada ya sura tatu mhusika anakumbuka utoto wake kabla ya vita. Watu walilalamika wanapoteza uzi, wengine waliniambia wanaziruka zile sura. Kwa hiyo nakushauri usirudi nyuma sana.

Mzee Wino: Binti yangu hilo ni jambo lingine kidogo, wewe ulikuwa unawakatiza safari katikati, Neema anataka kitabu kinachosimama peke yake. Ila hao waliokuwa wanaziruka wamekwambia kitu: kumbukumbu zako zilikuwa zinaeleza tu, hakuna lililokuwa linaweza kwenda upande mwingine. Ugonjwa huo na prikweli inaupata. Mtu anaanza kueleza kovu lilitoka wapi, kofia ilitoka wapi, wimbo alitunga nani, mpaka dunia inakuwa ndogo kama chumba kimoja ambacho kila kitu kimefanywa na watu sita. Neema, kabla hujaendelea chukua kitabu cha kwanza uchore mstari chini ya kila neno kuhusu kale. Aliyosema msimulizi hayo yamepigwa msumari, huwezi kuyagusa. Waliyosema wahusika ni ushahidi wa watu tu, wanaweza kuwa wamekosea, na humo ndo utaishi.

Neema M.: Nimefanya sasa hivi. Msimulizi amesema mambo mawili tu: bwawa lilipasuka na malango yalikutwa wazi. Hayo mengine yote, hata kwamba Sira aliyafungua kwa usaliti, ni wimbo na wazee. Kwa hiyo naweza kuonyesha aliyafungua kushusha maji akijaribu kuwaokoa?

Msomaji Tu: Ndo hicho nilichokiogopa. Msaliti kumbe alikuwa mwema. Tumeshakisoma hicho mara mia.

Shabani K.: Si anaweza kuwa mwema na bado akaua? Afungue akijua kuna mtaa haujapewa taarifa.

Fundi wa Tuta: Samahani naingilia tena. Mnaongea kama kufungua malango lazima kusaidie. Ukishusha ziwa haraka sana, tuta la udongo ule upande wa ziwani bado limejaa maji ndani na yale maji ya nje yaliyokuwa yanaliegemea yameondoka, linaweza kuporomoka. Kwa hiyo huyo mama akifungua yote usiku mmoja, baadaye huwezi kujua kama alichelewa kuliokoa au yeye ndiye aliyelimaliza. Tuta likishakwenda na maji limekwenda na ushahidi.

Msomaji Tu: Hata yeye mwenyewe hatajua?

Fundi wa Tuta: Hawezi kujua. Hata mimi ningekuwa nimesimama pale nisingejua.

Neema M.: Nimekaa kimya muda kidogo hapa. Sura ya 2 nilikuwa na Sira anayatazama maji "kana kwamba anajua", nimeifuta. Glasi naianza leo. Ila bado sijui niishie wapi, mkono wake ukiwa kwenye gurudumu la lango, au kabla, akiwa anapanda ngazi.

Mzee Wino: Mimi nasema kwenye gurudumu, alizungushe. Umetuleta kurasa 300, usigeuze uso.

Msomaji Tu: Mimi nasema kwenye ngazi. Na aishike ile glasi.