Mfumo unajaza fomu wenyewe, unakosea wenyewe, halafu anayeulizwa ni mimi!

KalamuKavu
Wakuu, leo mnivumilie, nimefika shingoni. Kazi yangu ni kuwashughulikia maombi ya viza wenzangu wanaosafiri kikazi. Zamani nilikuwa nachapa kila kitu kwa mkono huku pasipoti iko mbele yangu. Siku hizi tumeletewa "urahisi": unapakia skani ya ukurasa wa picha, kufumba na kufumbua visanduku vimejaa, kitufe cha `Endelea` kinakukonyeza.

Sasa sikilizeni. Namba ya pasipoti ya mwenzetu mmoja inaanza na X, ikifuata G. Mfumo ukaandika X, ikifuata 6. Nikaliona, nikalirekebisha, nikaendelea. Ukurasa wa tatu ukadai skani ya pasipoti iletwe tena kwa ukubwa mdogo zaidi. Nikapakia. Kumbe nyuma ya pazia umeisoma upya na kuifuta sahihisho langu kimyakimya! Hakuna onyo, hakuna rangi nyekundu, hakuna chochote. Maombi yamerudi, namba hailingani na pasipoti.

Nikapiga simu. Jibu: "Lakini ulitia tiki kwamba taarifa zote ni sahihi." Jamani! Mashine inajaza, mashine inabadilisha, halafu tiki inanifunga mimi? Na nilipofungua tena fomu, kisanduku cha namba kimekuwa cha kijivu, hakiandikiki.

Mpiga Mihuri
Pole mkuu. Skani kwa 300 dpi, futa kioo cha skana, usipige picha kwa simu chini ya taa, mwanga unaakisi kwenye ile plastiki. Mimi tangu nianze hivyo sijapata shida.

KalamuKavu
Mzee, skani yangu ni safi, hata chembe ya vumbi haina. Mtoto wa darasa la pili angeisoma hiyo G. Silalamikii picha, nalalamikia mfumo unaofuta nilichoandika.

Daudi wa Data
Samahani, mimi hii habari siiamini. Namba ya pasipoti kwenye ile mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha, inayosomwa na mashine, ina tarakimu ya uhakiki mwishoni. Herufi moja ikisomwa vibaya hesabu inagoma, mfumo unakataa hapo hapo. Utakuwa umeigusa wewe mwenyewe bila kujua.

Bibi Faili
Daudi, nusu uko sawa. Tarakimu ya uhakiki ipo, na inakamata makosa mengi: O ikisomwa sifuri inakamatwa, B ikisomwa 8 inakamatwa, S ikisomwa 5 vilevile. Lakini G na 6 hazikamatwi, na sababu iko kwenye hesabu yenyewe.

Kila herufi inapewa thamani: A ni 10, B ni 11, unakwenda hivyo mpaka Z ambayo ni 35. Tarakimu zinabaki na thamani zake. Kila moja inazidishwa kwa 7, 3, 1, kisha 7, 3, 1 tena, unajumlisha, na kinachobaki ukigawa kwa 10 ndicho tarakimu ya uhakiki. Sasa G ni 16. Ukitoa 6 unapata 10 kamili, kwa hiyo jumla inapungua kwa 10, 30 au 70, na tarakimu ya mwisho haitikisiki. Nimebuni namba hii ili muone, tarakimu ya mwisho kulia ndiyo ya uhakiki:

```
XG60412758
X660412758
```

Ya kwanza jumla yake ni 338, ya pili 308. Zote zinabakiza 8. Mashine inaziona zote mbili halali. Ile tarakimu ya jumla mwishoni mwa mstari nayo haisaidii, maana inahesabiwa kwa njia ileile. Kwa hiyo mleta uzi hasemi uongo.

Daudi wa Data
Duh. Hapo nimekaa. Lakini basi tatizo ni G na 6 tu, mengine yako salama.

Bibi Faili
Hapana mwanangu. Vinavyohakikiwa ni namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kuisha, na ile namba ya ziada kama ipo. Jina halina uhakiki wowote. Uraia hauna. Jinsia haina. Mstari wa kwanza wote, herufi zake 44, mashine inasoma inavyojisikia.

Nimeona kwa macho yangu alama `<` zinazojaza nafasi mwishoni mwa jina zikisomwa kama K, mtu anaitwa SALMAKKK. Hilo angalau linachekesha, unaliona. Baya ni zile `<<` mbili zinazotenganisha jina la ukoo na majina mengine. Moja ikipotea, majina yote yanamwagika kwenye kisanduku cha jina la ukoo, kisanduku cha pili kinabaki kitupu. Herufi zote ni sahihi, ila zimekaa pasipo pao, na jicho linapita tu.

Mama Pacha
Mimi yangu ni ya bibi yangu. Kazaliwa 1922. Tulipopakia pasipoti yake fomu ikamjaza 2022, halafu ikadai barua ya ridhaa ya mzazi! Mzazi wa bibi tumtoe wapi? Tulicheka mpaka machozi, ila kubadilisha ilikataa.

Bibi Faili
Huyo kaonewa na mistari ileile. Mwaka umeandikwa kwa tarakimu mbili tu, 22, karne mfumo unakisia. Uhakiki hauwezi kusema kitu kwa sababu 22 imesomwa sawasawa. Juu kwenye ukurasa mwaka umeandikwa wote, na huko ndiko pa kulinganishia, si kwenye mistari ya chini.

Mpiga Mihuri
Sasa si afadhali kuruka huo usomaji, mtu achape mwenyewe?

KalamuKavu
Kitufe cha kuruka hakipo. Bila kupakia huendi mbele.

Bibi Faili, shikamoo na asante. Hiyo ya G nitaichapisha na kuituma pamoja na malalamiko, wasije kuniambia tena mashine "imehakiki".

Bibi Faili
Marahaba. Ngoja niongeze ninavyofanya. Usianzie kwenye skrini, maana ukishaona namba imejaa, ukitazama pasipoti utaona kile ambacho macho yamekwisha kukizoea. Anzia kwenye karatasi. Mimi namsomea mwenzangu herufi mojamoja kutoka pasipoti, yeye ndiye mwenye macho kwenye skrini. Nikiwa peke yangu namba naisoma kutoka kulia kwenda kushoto. Na ukaguzi wa maana ni ule wa ukurasa wa mapitio, baada ya faili la mwisho kupakiwa. Ukikagua mapema ukapakia tena, hukukagua kitu, kama yalivyokukuta.

Daudi wa Data
Halafu piga picha ya skrini ya ukurasa huo kabla ya kutuma. Wakisema uliandika wewe, unawaonyesha.

KalamuKavu
Picha itaonyesha kilichoandikwa, Daudi, haitaonyesha nani kakiandika. Hapo ndipo ninapobishana nao. Wanaweza kuweka alama kwenye kila kisanduku kilichojazwa na mashine, na wanaweza kuzuia mashine isiguse kisanduku ambacho mtu amekirekebisha. Hawajafanya hata kimoja, ila tiki ya kunibebesha mzigo hawakuisahau.

Kwa sasa kisanduku bado ni cha kijivu. Mhudumu mmoja kasema nifute maombi nianze upya, mwingine kasema nikifuta na tarehe ya miadi inapotea. Aliyewahi kukifungua bila kufuta aniambie alipitia wapi.

Mama Pacha
Sisi ilibidi twende dirishani na bibi mwenyewe. Alipomwona tu karani akasema, "Huyu si mtoto."