Kufupisha Mpango Mkakati kwa kikao kazi cha watumishi: lengo la lishe likaeje?

Ludewa_Juu
Habari zenu wakuu. Nipo Divisheni ya Mipango na Uratibu, halmashauri moja mkoani Njombe. Tuna kikao kazi cha wakuu wa divisheni, vitengo na watendaji wa kata, na Mpango Mkakati umepewa saa moja tu. Natengeneza jedwali la safu tatu. Mfano, lishe:

Lengo: Hali ya lishe ya jamii kuimarishwa.
Kiashiria: Asilimia ya watoto chini ya miaka mitano wenye udumavu.
Wahusika: Afya, Kilimo, Elimu ya Awali na Msingi, Maendeleo ya Jamii.

Mengine yote yamekaa hivyo hivyo. Hapo nimekosea wapi?

Kinyanambo
Mkuu, punguza malengo. Lengo A la UKIMWI na B la rushwa yapo kwenye mpango wa kila taasisi ya serikali, yatoe. Baki na manne, kila moja na kiashiria kimoja. Watu hawakumbuki zaidi ya hapo.

Mama_Uyole
Viashiria vichache, naunga mkono. Kuondoa A na B, hapana. Yana shabaha na bajeti kwenye PlanRep, na robo ikiisha mtu ataulizwa. Yape mstari mmoja mmoja chini ya jedwali, basi.

Sasa lishe. Hicho kiashiria ni sahihi kwenye kitabu, lakini kwenye kikao hakitamsaidia mtendaji wa kata. Udumavu tunaoutaja unatoka kwenye utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto. Ule wa 2022 uliipa Njombe asilimia 50.4 na Iringa 56.9, wakati taifa lilikuwa 30. Hizo ni takwimu za mkoa. Utafiti ule hautoi takwimu ya halmashauri yako. Tena hurudiwa baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo ukiuliza robo ya pili tumefika wapi, ukumbi mzima utanyamaza.

Uache udumavu juu kama hali ya mwanzo, uandike wazi kwamba ni ya mkoa. Chini yake weka viashiria viwili vinavyosomeka kila robo.

Cha kwanza ni fedha za lishe zilizotolewa kati ya zile shilingi 1,000 kwa kila mtoto chini ya miaka mitano. Tuseme mna watoto 20,000: ni milioni 20 kwa mwaka, yaani milioni 5 kwa robo. Andika "zilizotolewa", maana ukiandika "zilizotengwa" kiashiria kitasoma asilimia mia siku bajeti inapopitishwa, hata kama hakuna senti iliyotoka. Mwenye dhamana ni Kitengo cha Fedha na Uhasibu.

Cha pili ni watoto waliopimwa kwenye Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, kwa kila kata. Msihesabu siku zilizofanyika: kijiji kinaweza kuifanya wakaja watoto kumi, na taarifa ikapendeza. Mwenye dhamana ni Afya, na mtendaji wa kata ndiye anayeleta takwimu.

Ongeza na safu ya nne: takwimu inatoka wapi. Safu hiyo ikikosa jibu, kiashiria hicho kisiende ukumbini.

Mtumishi_Mbozi
Samahani, jedwali hili ndilo tunalojaza kwenye PEPMIS? Mimi ni mwalimu, malengo yangu ya mwaka bado sijayaelewa.

Mama_Uyole
Hapana mwalimu. Hili ni la halmashauri. PEPMIS ni majukumu yako wewe, unakubaliana na msimamizi wako. Ila yakishuka vizuri, unapaswa kuona kazi yako inaangukia mstari upi hapa. Kwa shule za msingi, kwa mfano, chakula cha mchana.

Ludewa_Juu
Asante sana dada. Na wahusika wanne? Nikimtaja mmoja, wengine watasema haliwahusu.

Mama_Uyole
Gawa safu: "anayeongoza" jina moja, "wanaochangia" wengine, na kila anayechangia aandikiwe anacholeta. "Kilimo" peke yake haisemi kitu. "Kilimo: kaya zilizopata mbegu za maharage lishe" inasema. Anayeongoza awe Afya, maana Afisa Lishe yuko kwenye divisheni hiyo.

Kinyanambo
Hapo dada tutofautiane. Nyanda za juu chakula kipo, mahindi, viazi, parachichi, na watoto bado wamedumaa. Ukiwapa Afya lengo hili, Kilimo wataendelea kuhesabu tani. Mimi ningewapa Kilimo waongoze.

Mama_Uyole
Kaka, hoja ya tani ni ya kweli kabisa. Lakini Kilimo hawapimi watoto, sasa anayeongoza atasomaje kiashiria chake mwenyewe?

Kinyanambo
Basi wapewe kiashiria chao: kaya zinazokula makundi mangapi ya chakula.

Ludewa_Juu
Hicho hatuna anayekikusanya kwa sasa. Nawaandika Afya waongoze, na hoja ya Kilimo naipeleka kwa Mkurugenzi kabla ya kikao.