Tupeane uzoefu: barua ya kudai malipo ya mkandarasi halmashauri, kabla na baada ya kuandikwa upya

Kokoto_Nyeusi (mwanzisha uzi)

Wakuu, tukusanye hapa uzoefu wa barua za kudai malipo ya kazi serikalini. Malalamiko tunayo ya kutosha kwenye nyuzi nyingine. Hapa tuweke barua zenyewe: iliandikwa nini, ilikwama wapi, ikaandikwaje upya.

Naanza na hii. Ni ukarabati wa vyumba vinne vya madarasa, mkataba na halmashauri fulani, kinachodaiwa ni cheti cha malipo Na. 2. Majina nimeyaondoa.

> YAH: KUDHULUMIWA MALIPO YETU
>
> Mheshimiwa Mkurugenzi, huu ni mwaka wa pili ofisi yako inatuzungusha. Kila tukija watumishi wako wanatupiga danadana. Tumekopa benki, mafundi wanatudai, familia zinaumia. Tunataka Sh. 36,000,000 zetu zilipwe ndani ya siku saba, la sivyo tunakwenda mahakamani na kwenye vyombo vya habari.
>
> Nakala: Waziri Mkuu, TAKUKURU, Mkuu wa Mkoa, Mkuu wa Wilaya.

Imepokelewa masjala, muhuri upo. Majibu hakuna. Ingekuwa yako ungeiandikaje upya?

Vocha_Imepita

Hasira tuiache kwanza, tuangalie barua inakwenda wapi. Masjala wanaiweka kwenye faili, faili linapanda kwa Mkurugenzi, naye anaandika pembeni "MW/H na Mhandisi, naomba maelezo". Linashuka kwa mhasibu mmoja ambaye kazi yake ni kuandaa dokezo. Huyo ndiye msomaji wako. Anahitaji namba ya mkataba, namba na tarehe ya cheti, kiasi, na nyaraka za kuambatisha. Barua hii inampa kiasi tu. Atalazimika kwenda kutafuta faili la mradi kwa Mhandisi, na mezani kwake yapo mafaili mengine ambayo hayamsumbui hivyo. Linabaki hapo.

Pili, nina wasiwasi na hiyo 36,000,000. Hebu tuambie cheti kinasemaje: ni thamani ya kazi iliyofanyika, au ni kiasi cha kulipwa?

Kokoto_Nyeusi

Nimekifungua. Kazi iliyothibitishwa ni 36,000,000. Chini yake kuna "fedha za matazamio 10%".

Vocha_Imepita

Basi deni la leo ni 32,400,000. Ile 3,600,000 inashikiliwa mpaka ufike wakati wa kuirudisha uliotajwa kwenye mkataba, na inadaiwa kwa barua yake. Mhasibu akiona barua inasema 36 na cheti kinasema 32.4, hawezi kuandika dokezo. Ana sababu halali ya kulirudisha faili na neno "warekebishe", na mara nyingi hata hilo neno hakufikishii.

Na kodi ya zuio usiikate wewe kwenye barua. Dai kiasi cha cheti, wao ndio wakate, halafu uwadai hati ya kodi iliyokatwa. Ukiandika kiasi ulichokwisha kukata mwenyewe, namba zinakuwa tatu kwenye faili moja.

Nyundo_Tatu

Mnambembeleza mtu aliyekula jasho la wenzake! Peleka notisi ya siku 30 kwa halmashauri, siku ya 31 uko mahakamani. Deni la mkataba lina ushahidi wa maandishi, utashinda.

Wakili_wa_Kijijini

Nyundo, ushahidi ni kweli. Siku 30 ni sheria ya zamani. Tangu marekebisho ya 2020 halmashauri ziko pamoja na Serikali kwenye Sheria ya Mashauri ya Serikali: notisi si chini ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na yeye anaunganishwa kwenye kesi. Ukifungua shauri bila hayo linatupwa kabla hata deni halijazungumzwa. Na barua ya "ndani ya siku saba" kama ile ya juu haihesabiki kuwa notisi. Inatishia kitu ambacho sheria hairuhusu kifanyike ndani ya siku saba, na mwanasheria wa halmashauri analijua hilo akisoma mstari wa kwanza.

Jambo ambalo wengi hawaliangalii ni muda wa ukomo. Dai la mkataba ni miaka sita. Lakini mdaiwa akikiri deni kwa maandishi yaliyosainiwa kabla muda haujaisha, miaka sita inaanza kuhesabiwa upya tangu siku hiyo. Kwa hiyo barua ya heshima inayoomba "thibitisheni deni hili kwa maandishi" inaweza kukupa kitu kikubwa kuliko vitisho, hata kama hela haijatoka.

Vocha_Imepita

Na hilo la kuthibitisha ndilo linalofungua njia ya ndani pia. Mkandarasi anadhani hela ipo na mtu kaikalia. Wakati mwingine ni kweli. Lakini deni la mwaka wa fedha uliopita lina shida yake: mwaka ukifungwa Juni 30, bajeti ya mradi ule imekwisha, na mhasibu hawezi kuingiza malipo kwenye mfumo wa malipo wa MUSE bila kifungu chenye fedha. Linalipika likiwa kwenye orodha ya madeni ya wazabuni na wakandarasi, likishahakikiwa na Mkaguzi wa Ndani, kisha likatengewa fedha. Lisipokuwa kwenye orodha, hata Mkurugenzi akitaka kukulipa anakwama.

Kwa hiyo swali la kwanza kwenye barua ni "je, deni letu limo kwenye orodha?" Uliza kabla halmashauri haijafunga makadirio ya mwaka unaofuata. Ukisubiri Mei umechelewa, labda ikitokea bakaa.

Mama_Maharage

Samahani jamani, mimi nalisha shule ya bweni, nadai maharage na mahindi. Sina cheti cha malipo, nina LPO tu. Nitumie barua hiyo hiyo?

Vocha_Imepita

Mama, hapa tunaongelea kazi za ujenzi, ila mifupa ni ile ile. Pahali pa cheti wewe unaweka LPO, hati yako ya kupeleka mzigo iliyosainiwa shuleni, na taarifa ya kamati ya mapokezi. Hiyo ya mapokezi ndiyo hukosekana. LPO peke yake inaonyesha uliagizwa, haionyeshi kwamba ulileta.

Mkadiriaji_Pwani

Nimejaribu kuiandika upya ya Kokoto kwa mazungumzo ya hapa. Vifungu na namba zenye nukta atajaza mwenyewe.

> Mkurugenzi Mtendaji,
> Halmashauri ya Wilaya ya ......
>
> Kumb. Na. ......   1 Septemba 2025
>
> YAH: MALIPO YA CHETI NA. 2, SH. 32,400,000, MKATABA NA. ...... WA UKARABATI WA VYUMBA VINNE VYA MADARASA SHULE YA MSINGI ......
>
> Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Rejea pia barua zetu za tarehe ...... na ......, ambazo hatujapata majibu yake.
>
> 2. Kazi ilikaguliwa na Mhandisi wa Halmashauri, na cheti cha malipo Na. 2 kilisainiwa tarehe 14 Machi 2024. Thamani ya kazi ni Sh. 36,000,000. Baada ya kuondoa fedha za matazamio asilimia 10, yaani Sh. 3,600,000, kiasi kinachostahili kulipwa ni Sh. 32,400,000 kabla ya kodi ya zuio. Ankara yetu Na. ...... ilipokelewa masjala tarehe 18 Machi 2024.
>
> 3. Kwa mujibu wa kifungu ...... cha masharti ya mkataba, malipo yalipaswa kufanyika ndani ya siku 28 tangu tarehe ya cheti, yaani kufikia tarehe 11 Aprili 2024. Hadi leo hayajafanyika.
>
> 4. Kwa heshima, tunaomba ofisi yako, kufikia tarehe 22 Septemba 2025, ifanye mojawapo ya haya: (a) kulipa kiasi tajwa, au (b) endapo fedha hazijapatikana, kutuandikia ikithibitisha kwamba deni hili la Sh. 32,400,000 linatambuliwa, limo kwenye orodha ya madeni ya Halmashauri, na limepangiwa kulipwa katika mwaka upi wa fedha.
>
> 5. Haki zetu chini ya mkataba, ikiwemo riba ya ucheleweshaji, hatujaziachilia. Tuko tayari kufika ofisini kulinganisha kumbukumbu kama kuna nyaraka inayokosekana.
>
> Viambatisho: (1) kurasa za mkataba zenye saini na kifungu cha malipo, (2) cheti Na. 2, (3) ankara yenye muhuri wa kupokelewa, (4) taarifa ya ukaguzi wa kazi, (5) barua zetu za awali.
>
> Nakala: Mweka Hazina, Mhandisi wa Halmashauri.

Siku 28 nimezitoa kwenye nyaraka za kawaida za zabuni za ujenzi. Kokoto, fungua mkataba wako, usininukuu mimi. Na ukiangalia aya ya pili utaona mhasibu anaweza kuinakili kwenye dokezo bila kubadilisha neno.

Kuhusu lugha: "mnatuzungusha" imekuwa "hatujapata majibu yake", na tarehe zimewekwa. Inauma zaidi hivyo, kwa sababu barua za awali zimo humo humo kwenye faili na hakuna anayeweza kubisha. Mkopo wa benki na familia nimeviondoa, maana hakuna kifungu cha bajeti cha huruma. Na Mkurugenzi hahitaji "Mheshimiwa".

Nyundo_Tatu

Nakala kwa wawili tu wa humo humo ndani? Hapo mmelegea. Mpeni hata Katibu Tawala wa Mkoa.

Mkadiriaji_Pwani

Ya kwanza ya aina hii naipeleka kwa hao tu. Ikipita tarehe 22 kimya, ya pili inataja ya kwanza na inampa nakala Katibu Tawala. Ukiwapa wote leo, kesho huna pa kupanda.

Wakili_wa_Kijijini

Mimi hapo niko na Nyundo, kidogo. Deni la mwaka na nusu si la kuanza nalo ngazi ya chini. Lakini TAKUKURU nisingewaweka kwenye nakala kama huna tuhuma ya rushwa yenye maelezo. Kuchelewa peke yake si tuhuma.

Hiyo riba nayo, Mkadiriaji, ni bora iwe na kiasi. Ukiihifadhi tu kwa maneno watalipa 32.4 na kufunga faili.

Vocha_Imepita

Ukiweka kiasi cha riba, dokezo linakuwa la mambo mawili, moja lina cheti na jingine halina. Nimeona la pili likilizamisha la kwanza. Labda riba iwe na barua yake, siku ile ile, yenye hesabu yake.

Wakili_wa_Kijijini

Barua yake nakubali. Lakini isichelewe.

Vocha_Imepita

Kingine ni namna ya kuipeleka. Nenda na nakala mbili kamili, viambatisho vikiwa vimepewa namba. Muhuri na tarehe ya masjala vigongwe kwenye yako pia. Baada ya siku chache rudi masjala, usiulize "barua yangu imefika wapi". Uliza namba ya faili, na faili liko kwa nani kwa hatua. Ukiwa na namba ya faili, hata ukipiga simu kuna kitu cha kutafutwa.

Kokoto_Nyeusi

Asanteni. Kuna tatizo moja: Mhandisi aliyesaini cheti kahamishwa, na mrithi wake anasema nakala yake haionekani kwenye faili la mradi. Mimi nina nakala, lakini ni kivuli tu.

Mkadiriaji_Pwani

Jambo hilo liingie kwenye barua yenyewe, aya ya 2, kwamba unaambatisha kivuli na unaomba Mhandisi wa sasa akilinganishe na kitabu cha vipimo vya kazi. Vipimo vikikubaliana anaweza kuthibitisha kiasi. Kama na kitabu hakipo, itabidi kazi ipimwe upya pale shuleni, nawe uwepo siku hiyo. Plasta na rangi za miaka miwili sijui watazipimaje. Kuna aliyewahi kupimiwa hivyo aweke hapa taarifa ilivyoandikwa?